Tangi Litume Ujumbe Lini?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam maji ya bomba hayaendi moja kwa moja jikoni. Huja kwa zamu, pengine usiku wa manane, yakaingia kwenye simtanki lililowekwa juu ya mnara, na nyumba ikayatumia mpaka zamu nyingine ifike. Zamu ikiruka, kama ilivyotokea Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, kinachobaki ni kumpigia simu mwenye boza na kusubiri. Boza nalo halifiki kwa kuitwa tu. Siku mtaa mzima umekaukiwa, mwenye boza ana foleni ya wateja, na aliyepiga simu mwisho ndiye anayepata maji mwisho.

Shida ni kwamba simtanki halisemi. Ni jeusi, liko juu, na kujua kilichomo ndani yake mtu lazima apande ngazi na kufunua mfuniko, au alipigepige ubavuni akisikiliza mlio. Wengi hawafanyi hivyo. Wanajua maji yamekwisha pale bomba linapokohoa hewa mtu akiwa na povu la sabuni mwilini.

Kifaa cha kuondoa shida hiyo si kigeni tena kwa mafundi wa elektroniki. Kina sehemu tatu: kihisi kinachopima maji, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kidole gumba inayofanya hesabu, na moduli ya simu yenye laini yake inayotuma SMS kwa mwenye nyumba maji yanapokaribia kwisha. Vipuri vyote vinapatikana, na fundi aliyezoea kuchoma risasi anaweza kuviunganisha. Lakini kuunganisha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kujibu maswali mawili: tangi litume ujumbe lini, na lisipotuma, ukimya huo una maana gani?

Tuanze na upimaji. Njia rahisi kuliko zote ni boya lenye swichi ndani, linalofungwa ubavuni kwa kimo unachotaka. Maji yakishuka chini yake, swichi inabadilika, na kompyuta inapata habari. Kwa mtu anayetaka kujua jambo moja tu, yaani maji yamekaribia kwisha, boya linatosha, na ningemshauri asihangaike na zaidi. Upungufu wake ni kwamba linajua kimo kimoja tu. Haliwezi kukuambia maji yanapungua kwa kasi gani, na ukitaka kubadilisha kimo cha tahadhari unarudi juu ya mnara kutoboa tundu jingine. Pia likinasa kwa uchafu, litaendelea kudai kwamba maji yapo.

Wanaotaka kujua kiasi hutumia kihisi cha mwangwi. Kinachofaa kwa tangi ni kile kinachouzwa kwa jina JSN-SR04T, chenye kichwa cha duara kisichopitisha maji, kinachofanana na vile vilivyo kwenye bampa la nyuma la magari. Ndugu yake anayejulikana zaidi, HC-SR04, ana macho mawili yaliyo wazi, na mvuke wa ndani ya tangi humharibu mapema. Kichwa hufungwa kwenye mfuniko kikitazama chini. Hutoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, mlio unagonga uso wa maji na kurudi, na kompyuta inapima muda wa safari hiyo. Ukijua mlio unakwenda kasi gani, unajua maji yako mbali kiasi gani.

Kihisi hiki kina tabia moja ambayo lazima ijulikane kabla ya kutoboa mfuniko: hakioni kitu kilicho karibu nacho chini ya takriban sentimeta 20 hadi 25. Mlio wake wenyewe huwa haujatulia, hivyo hauwezi kutofautishwa na mwangwi. Kwa hiyo kichwa kikae juu zaidi ya kimo cha maji tangi likiwa limejaa, si sawa nacho. Kama shingo ya tangi ni fupi, fundi huinua kichwa kwa kipande kifupi cha bomba la plastiki pana juu ya mfuniko.

Sasa tuchukue tangi moja na kulifanyia hesabu. Ni la lita 2,000, na ukilipima ndani kwa tepu unapata kipenyo cha sentimeta 130, na maji yakijaa yana kimo cha sentimeta 150. Kuta zake zimesimama wima, kwa hiyo kila sentimeta moja ya maji ni lita 13.3, iwe juu au chini. Kihisi kimefungwa sentimeta 180 kutoka chini ya tangi. Tangi likijaa, kihisi kinasoma 30, na likiwa tupu kabisa kinasoma 180. Kumbuka kwamba kinachosomwa ni umbali, si maji: namba ikikua, maji yanapungua. Wanaoandika programu kwa mara ya kwanza hulisahau hilo mara nyingi.

Bomba la kutolea maji halitoki chini kabisa. Katika tangi hili liko sentimeta 8 kutoka sakafuni, na maji yaliyo chini yake hayatoki. Hizo ni lita 106 ambazo ni za tangi, si za nyumba. Yeyote anayeweka tahadhari yake kwenye asilimia 5 ya tangi hili, yaani lita 100, amejiwekea ujumbe ambao utafika bomba likiwa limeshakauka.

Hapo ndipo tunapofikia swali la lini. Vifaa vingi vilivyotengenezwa tayari huja vikiwa vimepangwa kutuma ujumbe kwenye asilimia 20 au 10, na watu huviacha hivyo. Mimi naona asilimia si kipimo kinachofaa. Mwenye nyumba hahitaji kujua tangi limebaki na sehemu gani. Anahitaji kujua kama muda uliobaki unatosha kuleta maji mengine. Nyumba yetu ya mfano ina watu sita wanaotumia lita 420 kwa siku. Mwenye boza wao, siku za shida, hufika kesho yake. Ukiongeza nusu siku ya akiba, ujumbe unatakiwa uje yakiwa yamebaki maji ya siku moja na nusu, yaani lita 630. Jumlisha lita 106 zisizotoka, gawanya kwa 13.3, unapata sentimeta 55. Kwa kihisi kilicho kwenye 180, hiyo ni namba 125. Ni zaidi ya theluthi ya tangi, na mtu akichungulia ataona maji mengi tu. Lakini kwa nyumba ile, pale ndipo maji yalipokaribia kwisha. Nyumba ya wawili yenye tangi kama hilo hilo inaweza kusubiri mpaka sentimeta 25.

Kuna jambo la joto linaloingilia hesabu hizi, na kwa pwani yetu si dogo. Programu nyingi za mfano zimeandikwa zikichukulia kwamba sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya sauti kwenye hewa yenye nyuzijoto 20. Ndani ya tangi jeusi juani, hewa iliyo juu ya maji inaweza kufika 40, na hapo sauti inakwenda kama mita 355. Mwangwi unarudi mapema kuliko programu inavyotarajia, kwa hiyo inadhani maji yako karibu zaidi. Umbali wa kweli ukiwa 125, programu itasoma kama 120.8. Tofauti hiyo ya sentimeta nne na kitu ni karibu lita 56 ambazo hazipo, na ubaya wake ni kwamba kosa linaegemea upande wa kuchelewesha ujumbe. Tiba rahisi ni kuandika 350 badala ya 343 ndani ya programu, namba inayolingana na nyuzijoto 31 hivi. Kosa linalobaki mchana ni sentimeta mbili. Kwa anayetaka zaidi, kuna kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya tangi, lakini kwa kazi ya kuita boza sioni haja yake.

Maji nayo hayatulii. Yanapoingia yanarusha mawimbi, na mwangwi unarudi kwa namba zinazorukaruka. Dawa yake ni kupima mara tisa kwa sekunde chache, kuzipanga namba kwa ukubwa, na kuchukua ya katikati. Si wastani, kwa sababu namba moja ya ovyo inaweza kuuburuta wastani mzima, lakini ya katikati haitikisiki kirahisi.

Kosa lililo gumu kulitambua ni lile la mwangwi unaotoka mahali pengine. Mlio husambaa kadiri unavyoshuka, na kuta za simtanki zina mikunjo. Kihisi kilichofungwa karibu na ukuta, au juu ya bomba la kuingizia maji, kinaweza kupokea mwangwi wa mkunjo au wa bomba badala ya ule wa maji. Dalili yake ni namba inayogoma: maji yanashuka siku nzima na kifaa kinaendelea kusema 74, 74, 74. Kwa hiyo kichwa kikae kadiri iwezekanavyo katikati, mbali na bomba, na kitazame chini wima. Kisha kijaribiwe kwa ufito mkavu: uzamishe mpaka chini, pima sehemu iliyolowa, linganisha na kinachosemwa na kifaa. Fanya hivyo tangi likiwa limejaa, likiwa nusu, na likiwa karibu na kimo cha tahadhari. Jaribio la tangi lililojaa peke yake halithibitishi chochote, maana mwangwi wa karibu daima ni mzuri.

Baada ya kipimo kuaminika, kinachofuata ni uamuzi wa kutuma. Ukiandika tu kwamba maji yakishuka chini ya sentimeta 55 ujumbe utumwe, simu itajaa. Maji yakiwa hapo hapo mpakani, kipimo kitapanda na kushuka kwa nusu sentimeta, na kila kikishuka ujumbe unakwenda, mpaka salio liishe. Kinachotakiwa ni mipaka miwili: mmoja wa kutuma, na mwingine ulio juu zaidi wa kukiruhusu kifaa kitume tena siku nyingine.

```
if (!imetumwa && umbali >= 125) {
  if (tumaSMS("Maji sm 55. Agiza boza leo."))
    imetumwa = true;
}
if (umbali > 0 && umbali <= 110)
  imetumwa = false;
```

Ujumbe ukishatumwa, kifaa hukaa kimya mpaka maji yapande kufikia sentimeta 70, yaani umbali wa 110. Angalia pia mstari wa pili. Kifaa hakijihesabii kwamba kimetuma kwa sababu tu kimejaribu. Kinasubiri moduli ya simu ijibu, na isipojibu kitajaribu tena baadaye. Na lile sharti la umbali kuzidi sifuri lina sababu kubwa. Waya wa kihisi ukikatika au kuliwa na panya, hakuna mwangwi unaorudi, na programu hupata sifuri. Ikichukuliwa kama umbali, sifuri inaonyesha tangi lililofurika. Nyumba itakauka huku kifaa kikiamini maji yamefika kwenye mfuniko. Sifuri lazima ichukuliwe kama ugonjwa na itumiwe ujumbe wake: kihisi hakisomi.

Moduli inayotumika sana ni SIM800L, kwa kuwa ni ndogo na ya bei nafuu. Inatumia mtandao wa 2G, basi kabla ya kununua hakikisha laini unayokusudia inapata 2G pale lilipo tangi. Kompyuta ndogo huzungumza nayo kwa amri fupi za maandishi:

```
AT+CMGF=1
AT+CMGS="+255XXXXXXXXX"
```

Ya kwanza inaiambia tutatumia maandishi ya kawaida, ya pili inataja namba ya kupelekewa. Moduli hujibu kwa alama ya `>`, ujumbe unaandikwa, na kufungwa kwa herufi namba 26. Mtandao ukiupokea, jibu ni `+CMGS:` likifuatiwa na namba. Salio likiwa limekwisha au laini imefungiwa, jibu huwa `+CMS ERROR`. Laini hiyo isajiliwe kwa alama za vidole kama nyingine yoyote, iondolewe namba ya siri kwanza kwa kuitia kwenye simu ya kawaida, na iwe na salio la kawaida. Bando la SMS huisha muda wake hata usipotuma neno, na kifaa hakina wa kukumbuka kulinunua upya.

Sehemu inayowashinda wengi ni umeme wa moduli hii. Inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na wakati wa kutuma huvuta mkupuo wa mkondo unaoweza kufika ampea 2 kwa muda mfupi mno. Pini ya volti 5 ya Arduino Nano ni kali mno kwake, na haiwezi kutoa mkondo huo. Matokeo yake yanachanganya: kifaa kinafanya kazi mezani, kinasoma maji vizuri, lakini kila kikijaribu kutuma, moduli inazimika na kuwaka upya. Itazame taa yake. Ikiwa inatafuta mtandao humweka karibu kila sekunde moja, ikishaupata humweka kila sekunde tatu. Ikifika kwenye tatu, kisha ikarudi kwenye moja kila ujumbe unapotumwa, usilaumu mnara wa simu. Umeme unapungua.

Suluhisho zuri kwa mazingira yetu ni betri moja ya lithiamu ya aina ya 18650, ambayo volti zake zinaangukia ndani ya kiwango hicho, ikiunganishwa moja kwa moja na moduli kwa nyaya fupi nene, na kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu kabisa na pini zake. Nano na kihisi hupata volti 5 kupitia kipandisha volti kidogo, na ule waya wa Nano unaoingia kwenye mlango wa RX wa moduli upitishwe kwenye rezista mbili za kilo-omu 10 ili volti 5 zishuke kuwa 2.5. Betri inachajiwa na chaja ya simu au paneli ndogo ya jua. Betri si anasa hapa. Umeme unapokatika, pampu ya kupandisha maji nayo imezimika, na hicho ndicho kipindi ambacho tangi hushuka bila kujazwa. Kifaa kinachotegemea umeme wa ukutani hufa siku kinapohitajika zaidi.

Hilo linaturudisha kwenye ukimya. Simu isipolia, inaweza kuwa maji yapo. Inaweza pia kuwa betri imekufa, laini imefungiwa, au mvua imeingia kwenye boksi. Kwa anayesubiri upande wa pili hakuna tofauti. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kifaa cha tangi kinachotuma ujumbe wa hatari pekee hakijakamilika. Kinatakiwa kitume ujumbe mmoja kila siku, maji yawepo yasiwepo, saa 1 asubuhi: maji sentimeta 92, betri 3.9. Ujumbe wa asubuhi usipofika, mtu anajua pa kuanzia. Na uende kwa watu wawili, mmoja akiwa yule anayeshinda nyumbani, maana mwenye simu anaweza kuwa kazini Posta ilhali anayefua nguo ni dada aliye nyumbani, na yeye ndiye anayeweza kusitisha kufua.

Ujumbe huo wa kila siku una faida nyingine, kubwa pengine kuliko ile ya tahadhari. Ukiongeza wa pili saa 5 usiku, unapata kipimo cha usiku watu wakiwa wamelala, na joto la tangi halibadiliki sana kati ya saa hizo kama linavyobadilika mchana. Tuseme usiku kimesoma maji sentimeta 92 na asubuhi, kabla mtu hajaamka, 86. Hakuna aliyeoga. Sentimeta 6 ni lita 80 zilizokwenda mahali. Mara nyingi mwizi ni tangi la choo: mpira wake umechakaa, maji yanachirizika kwenye bakuli bila sauti, na boya linaruhusu mengine kuingia. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri robo saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umempata. Kwa nyumba yetu ya lita 420 kwa siku, hayo ni karibu moja ya tano ya maji yote, yaliyonunuliwa na kupandishwa mnarani kwa umeme.

Kifaa hiki kisipewe kazi ya kuwasha na kuzima pampu kwa kutegemea mwangwi pekee. Kosa la kipimo likichelewesha ujumbe kwa saa mbili, nyumba itavumilia. Likiiacha pampu izunguke bila maji, mota itaungua. Pampu iwe na boya lake chini, kwenye tangi inalovuta.

Na boza likifika, subiri dakika chache baada ya mpira kutolewa ili mawimbi yatulie, kisha soma. Kama maji yalikuwa sentimeta 52 na umelipia lita 1,000, kifaa kinatakiwa kisome 127, kwa kuwa lita 1,000 kwenye tangi hili ni sentimeta 75. Sentimeta moja au mbili pungufu ni kosa la kipimo. Zikipungua 15, lita 200 hazijapanda, na dereva bado yuko getini.